Jibu Limetoka Nyuzi 21 Chini ya Sifuri: Kutatua Hesabu za Mchanganyiko Ambapo Barafu Haikuisha

Kijana wa kidato cha tano alinifuata jioni baada ya prepu, daftari mkononi, ukurasa umefutwafutwa hadi karatasi imekuwa nyembamba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimerudia mara tatu, linatoka lilelile."

Nikatazama mstari wa mwisho. Ameandika θ = −21.2 °C na kuupigia mistari miwili chini, halafu pembeni ameweka alama ya kuuliza.

Swali lilikuwa hili. Gramu 200 za barafu yenye nyuzi 10 chini ya sifuri zimetiwa kwenye gramu 300 za maji yenye nyuzi 20. Maji yamo ndani ya kalorimita ya shaba ya gramu 100, nayo ina nyuzi 20. Tafuta halijoto ya mwisho. Joto mahususi la maji ni juli 4200 kwa kila kilogramu kwa kila nyuzi, la barafu ni 2100, la shaba ni 400. Joto fiche la kuyeyuka kwa barafu ni juli 336,000 kwa kila kilogramu.

Nilimkagua mstari kwa mstari. Kuzidisha kwake ni sahihi, kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine ni sahihi, alama zote ziko mahali pake. Kosa lilifanyika kabla hajaandika mstari wa kwanza, na ndiyo maana kurudia mara tatu hakukumsaidia. Nimeona kosa hili kwa wanafunzi wengi, kwa hiyo naeleza hapa dalili zake zote ninazozijua, na chanzo cha kila moja. Nitatumia swali hilihili mwanzo hadi mwisho, nikibadilisha tu kiasi cha barafu.

Dalili ya kwanza: halijoto ya mwisho ni hasi

Mlinganyo wa kijana ulikuwa huu, tungamo zikiwa katika kilogramu:

```
0.2×2100×10 + 0.2×336000 + 0.2×4200×θ
   = 0.3×4200×(20−θ) + 0.1×400×(20−θ)

4200 + 67200 + 840θ = 26000 − 1300θ
2140θ = −45400
θ = −21.2
```

Upande wa kushoto una hadithi yenye hatua tatu: barafu inapanda kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi sifuri, kisha yote inayeyuka, kisha maji yaliyotokana nayo yanapanda hadi θ. Upande wa kulia, maji na shaba vinashuka kutoka 20 hadi θ. Hadithi ni nzuri, ila hakuna aliyethibitisha kwamba hatua ya pili ilikamilika. Mlinganyo hauwezi kukataa. Ukiuambia kwamba barafu yote imeyeyuka, utaamini, na utatafuta joto popote litakapopatikana ili kulipia. Hapa ulilitafuta kwa kuyashusha maji chini ya sifuri huku ukiendelea kuyahesabu kama maji, kwa 4200, kana kwamba hayagandi.

Kuna njia mbili za kuitambua dalili hii bila hata kufungua kitabu. Kwanza, vitu vilivyoingia kwenye chombo vilikuwa kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na nyuzi 20 juu yake. Mchanganyiko wa maji safi na barafu, usiopokea wala kupoteza kitu nje, hauwezi kutua nje ya mipaka hiyo. Kijana alikuwa na jibu lililo baridi kuliko barafu yenyewe. Pili, hata kama jibu lingekuwa nyuzi 3 chini ya sifuri, ndani ya mipaka, bado lingepingana na mlinganyo uliolizaa, kwa sababu mlinganyo ule umeandika 840θ kwa kudhani kila kilichomo ni maji. Jibu hasi linaweza kuwa halali katika hesabu za aina hii, lakini pale tu ambapo kila kitu kimeganda, na hapo mlinganyo wake ni mwingine kabisa.

Tiba yake ni kuacha kuandika θ kwa muda. Usiunde mlinganyo wowote kabla hujapiga bajeti.

Bajeti ya joto

Nilimwambia kijana afikirie juli kama shilingi. Maji na shaba ndio wenye pesa. Barafu ndiyo yenye mahitaji, na mahitaji yake yanalipwa kwa mpangilio usiorukwa: kwanza nauli ya kufika sifuri, ndipo ununuzi wa kuyeyuka.

Anza na mfuko. Maji na shaba vinaweza kutoa joto kiasi gani vikishuka hadi sifuri, na si chini ya hapo?

```
maji:  0.3×4200×20 = 25200 J
shaba: 0.1×400×20  =   800 J
jumla              = 26000 J
```

Sasa nauli. Barafu yote kufika sifuri inahitaji 0.2×2100×10, yaani juli 4200. Mfukoni mna 26,000, kwa hiyo nauli inalipika, na zinabaki 21,800.

Sasa ununuzi. Kuyeyusha gramu zote 200 kunahitaji juli 67,200. Tulizonazo ni 21,800. Hazitoshi, na hapa ndipo hukumu inapotoka: barafu haitaisha. Halijoto ya mwisho ni sifuri, na imejulikana bila kutatua mlinganyo wowote. Kinachobaki kutafutwa ni tungamo. Kila gramu ya barafu inagharimu juli 336 kuyeyuka, basi kwa 21,800 tunapata:

```
21800 ÷ 336 = 64.9 g
```

Zimeyeyuka gramu 64.9. Barafu iliyobaki ni gramu 135.1, na maji yamekuwa gramu 364.9. Jumla ni 500, kama zilivyoingia. Hili la kujumlisha tungamo mwishoni linachukua sekunde tano tu, na limewaokoa wengi.

Kijana akaniuliza swali ambalo nililipenda kuliko jibu lenyewe: "Lakini mwalimu, kama swali limesema tafuta halijoto, mimi nitaandikaje sifuri bila kuitatua?" Unaiandika kwa kuonyesha kwamba 21,800 ni ndogo kuliko 67,200. Ulinganisho huo ndio utatuzi. Mtahiniwa anayeandika sifuri peke yake amebahatisha, na anayeandika ulinganisho kisha sifuri amethibitisha.

Kwa nini sifuri, na si moja au mbili

Mizizi ya makosa haya iko kwenye kutoamini kwamba barafu inaweza kumeza joto na halijoto isipande. Joseph Black, aliyekuwa akifundisha Glasgow, alilionyesha jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1760. Alitundika ukumbini vyombo viwili vinavyofanana, kimoja chenye maji yaliyokaribia kuganda na kingine chenye barafu ya tungamo ileile. Maji yalipanda nyuzi kadhaa ndani ya nusu saa. Barafu ilihitaji zaidi ya saa kumi kuyeyuka na kufika pale maji yalipofika, ilhali vyote vilikuwa katika chumba kimoja na hewa moja. Joto lililokuwa likiingia kwenye barafu muda wote ule halikuonekana kwenye kipimajoto, ndipo likaitwa joto fiche. Kwa maneno ya leo, lilikuwa linatumika kuzivunja molekuli kutoka kwenye mpangilio wao mgumu, na si kuziongezea kasi.

Namba inayosaidia kuuona ukubwa wake ni 80. Gawa 336 kwa 4.2 na utapata 80: joto linaloyeyusha gramu moja ya barafu ya nyuzi sifuri lingeweza kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi 80. Maana yake, ukichanganya barafu ya nyuzi sifuri na maji ya tungamo ileile, maji hayo yakiwa chini ya nyuzi 80, barafu haiishi. Maji ya nyuzi 80 huwezi kuyagusa. Wanafunzi wengi hudhani maji ya uvuguvugu yanatosha kuimaliza barafu kwa sababu glasi ya juisi mezani huyeyusha vipande vyake, wakisahau kwamba vipande vile ni vichache na chumba kizima kinaendelea kutoa joto.

Kwa hiyo kadirio la haraka la kichwani ni hili: zidisha gramu za maji kwa nyuzi zake, gawa kwa 80. Kwa swali letu, 300×20÷80 ni gramu 75. Kisha toa gharama ya ubaridi wa barafu: zidisha gramu za barafu kwa nyuzi zake chini ya sifuri, gawa kwa 160, maana joto mahususi la barafu ni nusu ya lile la maji. 200×10÷160 ni 12.5. Zinabaki 62.5. Chombo kitaongeza kidogo. Ukiliona 64.9 baada ya hapo, unajua uko njia sahihi.

Dalili ya pili: imeyeyuka barafu nyingi kuliko iliyokuwepo

Hii humpata yule aliyejifunza somo la juu na sasa anaandika sifuri kila mahali. Tuseme barafu ni gramu 50 badala ya 200, mengine yakibaki vilevile. Anapiga nauli: 0.05×2100×10 ni juli 1050. Anatoa kwenye 26,000, zinabaki 24,950. Anagawa kwa 336 na kupata gramu 74.3 zilizoyeyuka. Barafu ilikuwa 50.

Chanzo ni kwamba amegawa bila kulinganisha. Kuyeyusha gramu 50 kunahitaji juli 16,800 tu, na yeye ana 24,950. Barafu yote imeisha na chenji imebaki, na chenji hiyo ndiyo itakayoyaweka maji yote juu ya sifuri. Hapa sasa ndipo mlinganyo wa kijana wetu unapofaa:

```
1050 + 16800 + 210θ = 26000 − 1300θ
1510θ = 8150
θ = 5.4
```

Nyuzi 5.4. Mlinganyo uleule uliotoa upuuzi kwa gramu 200 umetoa ukweli kwa gramu 50, kwa sababu safari hii hadithi yake ilitokea kweli.

Dalili ya tatu: tungamo iliyoyeyuka ni hasi

Hii ni adimu kwenye mitihani na ndiyo inayofundisha zaidi. Ongeza barafu hadi kilo 2, bado ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri. (Udogo wa chombo usikusumbue, tunahesabu tu.) Nauli pekee sasa ni 2×2100×10, juli 42,000. Mfukoni mna 26,000. Ukitoa na kugawa bila kutazama, unapata gramu 47.6 zenye alama ya hasi.

Wanafunzi wengi hufuta alama ya hasi na kuandika 47.6 zimeyeyuka. Msifanye hivyo, alama ile inasema kitu. Maji yameshafika sifuri, na barafu bado haijafika. Bado ni baridi, bado inadai juli 16,000. Atakayelipa ni maji yaleyale, kwa njia pekee iliyobaki: kuganda. Kila gramu ya maji inayoganda inatoa juli 336, ileile ambayo ingemeza kama ingekuwa inayeyuka. Gawa 16,000 kwa 336 na utapata 47.6, yaani gramu 47.6 za maji zimegeuka barafu. Barafu iliyokuwa gramu 2000 sasa ni 2047.6, maji yamepungua hadi 252.4, na halijoto bado ni sifuri.

Kwa hiyo barafu "iliyobaki" inaweza kuwa nyingi kuliko iliyowekwa. Ukitoa kipande kikubwa kwenye friza na kukichovya kwenye maji yaliyokwisha kupozwa sana, utakiona kikivaa utando mpya wa barafu kabla hakijaanza kupungua. Hicho ndicho kinachosemwa na alama ya hasi.

Mipaka iko wapi hasa

Baada ya dalili hizo tatu, kijana aliuliza kama kuna njia ya kujua mapema atakuwa upande gani. Ipo, na ni bajeti ileile ikisomwa kinyume. Kila gramu ya barafu yetu inahitaji juli 21 kufika sifuri na juli 336 kuyeyuka, jumla 357. Kwa juli 26,000 tunaweza kuigharamia kikamilifu barafu ya gramu 26,000÷357, karibu gramu 73. Chini ya hapo barafu inaisha na maji yanabaki juu ya sifuri. Juu ya hapo barafu inabaki.

Mpaka wa pili ni pale nauli inapokula mfuko mzima: 26,000÷21, karibu gramu 1240. Hapo hakuna kinachoyeyuka wala kuganda. Ukizidisha barafu, maji huanza kuganda, na yataendelea hivyo hadi barafu ifike kilo 6 na kidogo, ambapo maji yote 300 yameganda, na ni kuanzia hapo tu ndipo halijoto ya mwisho inakuwa chini ya sifuri kihalali.

Tazama upana wake. Kutoka gramu 73 hadi zaidi ya kilo 6, jibu la halijoto ni lilelile, sifuri. Kinachobadilika ni tungamo peke yake. Ndiyo maana nasema swali la namna hii likikuuliza halijoto, mara nyingi linakuuliza kwa kweli kama umeiona hali hii.

Dalili ya nne: umeandika sifuri, lakini tungamo haifanani na ya kitabuni

Hapa njia ni sahihi na kitu kimoja kimepotea njiani. Kila kinachopotea huacha alama yake ya kidole, na kwa swali letu la gramu 200 alama hizo ni hizi.

Ukipata gramu 77.4, umesahau kwamba barafu ilikuwa chini ya sifuri, ukagawa 26,000 yote kwa 336. Ukipata 62.5, umesahau kalorimita. Ukipata 52.4, umetumia 4200 kwa barafu badala ya 2100, kosa linalotokana na mazoea ya mkono kuandika 4200 popote unapoona maji ya aina yoyote. Na ukipata 135.1 ilhali kitabu kina 64.9, hesabu yako ni nzima, umejibu tu kilichobaki badala ya kilichoyeyuka. Rudi usome sentensi ya mwisho ya swali.

Kuna kosa jingine la kimyakimya kwenye kalorimita. Mwanafunzi anakumbuka shaba, lakini anaiacha kwenye nyuzi 20 au anaipa halijoto yake mwenyewe. Shaba imeguswa na maji, basi inamaliza palepale maji yanapomalizia. Maji yakiwa sifuri, shaba nayo ni sifuri, na imetoa juli zake 800 zote.

Kuhusu vipimo, chagua kimoja ushikamane nacho. Ukitumia gramu, joto fiche ni juli 336 kwa gramu na jibu linatoka kwa gramu. Ukitumia kilogramu, ni 336,000 na jibu ni 0.0649. Nimeshaona jibu la kilo 64.9 za barafu zilizoyeyuka ndani ya kikombe, na mwandishi wake hakushtuka. Vitabu vingine vina 334 badala ya 336. Tofauti hiyo itakupeleka 65.3 badala ya 64.9, na hilo si kosa.

Dalili ya tano: karatasi inasema hivi, benchi linasema vingine

Hili lilitupata wenyewe. Tulitaka kulithibitisha swali kwa vitendo, na kwa kuwa kalorimita hazikutosha, kundi moja lilitumia vikombe viwili vya plastiki kimoja ndani ya kingine. Barafu ilipimwa gramu 200, maji yakapashwa hadi nyuzi 20, wakachanganya, wakakoroga. Baada ya kipimajoto kutulia walichota vipande vilivyobaki, wakavifuta na kuvipima. Walitarajia zaidi ya gramu 135, kwa kuwa plastiki haina zile juli 800 za shaba. Walipata karibu 120.

Wa kwanza kulaumiwa ilikuwa mizani. Mizani haikuwa na kosa. Niliwauliza barafu ilitoka frizani saa ngapi, wakasema ilikuwa imekaa kwenye beseni wakati wanapanga vifaa, kama dakika ishirini. Hapo jibu lilikuwa wazi. Barafu iliyokaa nje na kuanza kulowa juu imeshaacha kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri, imekaribia sifuri yenyewe. Nauli ilishalipwa na hewa ya chumba, kwa hiyo maji yetu yalitumia karibu mfuko wote kununua myeyuko. Ni kosa la 77.4 lilelile, ila safari hii halikufanywa kwenye daftari. Barafu ikikutana na maji hali imelowa, pia sehemu ya zile gramu 200 tayari ni maji, na inahesabiwa kama imeyeyuka chomboni. Ifute kwa kitambaa kikavu sekunde ya mwisho kabla ya kuitia.

Hewa ya chumba nayo inaendelea kuchangia muda wote wa jaribio. Njia ya zamani ya kupunguza madhara yake ni kuanza na maji yenye joto linalozidi kidogo lile la chumba, ili nusu ya kwanza ya jaribio ipoteze joto na nusu ya pili ilipokee. Barafu inapobaki mwishoni, njia hiyo haisaidii sana, kwa sababu mchanganyiko ukishafika sifuri unakaa hapo na kuendelea kupokea. Kitu cha kufanya ni kuwahi: chota barafu mara tu kipimajoto kinapotulia, usisubiri.

Kuna kundi jingine lililokuja na malalamiko tofauti. Barafu inaelea, nyingi tu, na kipimajoto kinasoma nyuzi 3. Je, nadharia imekufa? Niliwaambia wakoroge. Kikashuka. Maji huwa mazito zaidi yakiwa karibu nyuzi 4, kwa hiyo maji ya namna hiyo hukaa chini ya chombo wakati barafu na maji ya sifuri yako juu, na ncha ya kipimajoto ilikuwa imegusa chini. Hicho hakikuwa msawazo wa joto, ulikuwa mpangilio wa tabaka unaoelekea huko polepole. Barafu ikiwepo na umekoroga vya kutosha, ndipo sifuri inapokuwa na haki ya kusomwa.

Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace waliitegemea sifuri hiyo kwenye majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, walipotengeneza chombo cha kupimia joto kwa barafu. Kitu cha moto kiliwekwa katikati, kikazungukwa na barafu, na barafu hiyo ikazungukwa na tabaka jingine la barafu la kuzuia joto la nje, jibu la matatizo yetu ya hewa ya chumba. Halijoto haikuhitaji kupimwa kwa sababu ilikuwa sifuri muda wote. Walipima maji yaliyochuruzika tu. Walimweka hata simbilisi ndani yake, wakapima joto la mwili wake kwa uzito wa maji. Chombo hicho kinafanya kazi kwa sharti moja, barafu isiishe.

Pale ambapo sifuri yenyewe haifai

Yote niliyoeleza ni ya maji safi. Mwezi uliofuata kijana yule alirudi, safari hii bila daftari. Alikuwa nyumbani likizo, akaweka barafu iliyopondwa kwenye bakuli, akatia chumvi ya mezani kiasi kikubwa kama alivyoona wauza aiskrimu wakifanya, na kipimajoto alichoazima kikashuka chini kabisa ya sifuri huku barafu ikiwa bado ipo na maji yapo. "Mwalimu, si ulisema haiwezekani?"

Nilisema haiwezekani kwa maji safi. Chumvi huteremsha halijoto ambayo barafu na maji vinaweza kukaa pamoja. Maji ya bahari yana chumvi kidogo, nayo huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Ukizidisha chumvi, barafu inalazimika kuyeyuka hata ikiwa baridi, na joto la kuyeyukia inalichukua kutoka kwenye mchanganyiko wenyewe, ambao unazidi kupoa. Kwenye hesabu zako, kila mahali ulipoandika sifuri unahitaji kuweka halijoto mpya ya kuganda, na halijoto hiyo nayo inabadilika kadiri barafu inavyoyeyuka na kuipunguza makali chumvi.

Kwa chumvi ya mezani kuna mwisho wa kushuka, pale maji yanaposhindwa kubeba chumvi zaidi. Ni karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Akanitazama, akakumbuka ile namba aliyoipigia mistari miwili. Nikamwambia zimekutana kwa bahati tu: ile ya daftarini ilitokana na maji safi yaliyolazimishwa kulipa deni yasilokuwa nalo, na hii ya bakulini inatokana na chumvi. Alichukua kalamu akaanza kuuliza juli za kuyeyusha bakuli lake zilitoka wapi.